Sufuria ya Watu Tisa

Watu wanasema Madame Léa aliwanyima samaki ndugu za mumewe siku ya kutoa kilio, karamu ya kumaliza matanga. Wanasema hivyo sokoni, wanasema hivyo mbele ya kanisa misa ikiisha, na wale ambao siku hiyo hawakuwepo Kamina, ambao hawakuona hata moshi wa mbabula, jiko la makaa, ndio wenye sauti kubwa kuliko wote. Wengine wameongeza ndoo: eti samaki walifichwa ndani ya ndoo, chini ya kitanda cha mjane.

Si kweli. Hapakuwa na ndoo. Samaki walioandikwa walinunuliwa wote, walionunuliwa walipikwa wote, na waliopikwa waliliwa wote, mpaka mchuzi ukapanguswa kwa bukari, yaani ugali. Kilichotokea kilikuwa hesabu, na hesabu ile haikuweza kuelezwa mama mkwe wake, Mama Ndaya, akiwa hai. Sasa Mama Ndaya amelala. Alikufa kitandani mwake, chini ya bati la nyumba ya mwanawe, na hakuna tena wa kumpeleka popote. Basi yasemwe mara moja, yasemwe sawasawa.

Léa alifundisha darasa la sita miaka mingi. Nusu ya makarani wa mji huu walijifunza kugawanya mbele ya ubao wake, na wakikutana naye barabarani mpaka leo wanavua kofia. Mumewe, Isaïe, alikuwa fundi wa injini za reli, mtu wa maneno machache, mwenye mikono inayonuka mafuta hata Jumapili. Waliishi katika nyumba ya matofali kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli, pamoja na watoto wao wawili, Béni na Lise, na dada ya Isaïe aitwaye Masengo, na mama yao, Mama Ndaya, mzaliwa wa Mulongo, kule kwenye maji na matete. Nyumba ile haikuwa na utajiri, lakini ilikuwa na jina. Mgeni hakuondoka bila kunawa mikono na kula.

Mama Ndaya alikuwa amezika sana. Alimzika kwanza mume wake, Mzee André. Akamzika Hénoch, kifungua mimba wake. Akamzika Ngoy, kwa homa ya manjano iliyompata akiwa bado hajaoa. Mwisho akamzika Isaïe, ambaye moyo wake ulisimama siku moja kazini kama injini iliyokosa maji. Kila mara kikongwe alirudi kutoka makaburini amenyooka, akavua kitambaa, akawasha mbabula, akapika. Na watu wanapoona mama mzee anabaki na watoto wanakwenda, hawasemi kwamba ana bahati mbaya. Wanasema jambo jingine, tena wanalisema wakiwa wamefunika mdomo.

Aliyeondoa mkono mdomoni alikuwa Kitenge, mtoto wa mdogo wake Mzee André, mkulima wa Kaniama, mwenye ng'ombe na pikipiki mbili. Baada ya baba zao wote kufa, yeye ndiye aliyebaki msemaji wa ukoo. Isaïe hata hakuwa amemaliza wiki kaburini, Kitenge akaketi kwenye kiti cha marehemu, akamwambia Léa:

"Madame, tuseme ukweli. Mama huyu anakula batoto."

"Kitenge, huyo ni mama yako mukubwa."

"Njo maana ninasema. Kule kwetu iko chumba cha maombi. Banamufungia pale, anafunga kula, banamuombea mpaka anasema yote. Ninamupeleka."

Léa aliwafahamu waliokwenda kwenye chumba kile. Mmoja alikuwa mama wa mwanafunzi wake wa zamani. Alirudi akiwa mfupa na ngozi, hakukaa hata msimu mmoja wa mvua. Léa akamjibu Kitenge kwa upole uleule aliowajibia wakaguzi wa shule.

"Mjane hatoi mtu nyumbani kabla ya kilio kutolewa. Hiyo ni desturi yenu, si yangu."

Kitenge alikuna kidevu. Desturi ilikuwa kweli yao, na wazee wengine walikuwa wanasikiliza.

"Sawa," akasema. "Tungoje. Siku ya kutosha kilio, yeye njo atapika sufuria ya mama, kama mama bote ba kwetu. Kama mukono yake inalisha bantu bote na hakuna kelele, minyi ninanyamaza. Lakini kama kintu kinakosa siku ile, Madame, usinifungie mulango."

Inafaa kueleza. Kutosha, kwa maneno yao, ni kutoa. Katika ukoo ule, kilio cha mtu hakitoki kwa maneno ya padri peke yake. Mama wa marehemu anapika samaki wakavu kwa mafuta ya ngazi, yaani mawese, anaketi karibu na sufuria, na kila aliyemlilia mtoto wake anapita mbele yake na kupokea kipande kutoka mkononi mwake. Mnaweza kupika mbuzi kumi. Asiyeonja samaki wa mama ameondoka na kilio mgongoni. Na hapimi mtu mwingine. Ni mkono wa mama unaopima, kama unavyopima nyumbani.

Hivyo mwaka wote ule Léa alikuwa na jambo moja kichwani. Karamu ile isikose kitu.

Kiangazi kilipofika, siku ikapangwa. Léa akaanza kazi kwa njia aliyoijua. Alihesabu kwanza midomo: ukoo wa Isaïe kutoka Kaniama na vijiji vya karibu, ndugu zake mwenyewe, wafanyakazi wa reli na wake zao, kwaya, majirani. Watu wazima mia na hamsini. Watoto sitini, na mtoto akamhesabu nusu. Jumla, sahani mia na themanini. Akaandika 180 juu ya karatasi, akapiga mstari chini yake.

Kisha akamwita Mama Mbombo. Huyu alikuwa muuza samaki wa Mulongo sokoni, mwenye mizani yake, na ndiye aliyesimamia majiko kwenye arusi na vilio vya mtaa. Mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweza kukaa bila kucheka hata matangani. Aliketi kwenye kibao cha jikoni, Masengo akiwa anachambua sombe, majani ya muhogo, pembeni.

"Anza na maharagi," Léa akasema. "Ukipika kwako, unapika kiasi gani, na wanakula wangapi?"

"Bantu kumi, kilo moja na nusu. Bitunguu bine, tomati tano, kopo moja ya mafuta ya maji."

"Wanashiba?"

"Madame! Kwangu bantu habashibe? Banatoka bakijishika tumbo kama bibi wa mimba!"

Masengo akacheka, akatoa yake: mafungu sita ya sombe kwa watu kumi na wawili, vitunguu vitatu, kopo moja la mafuta ya ngazi. Bukari ilikuwa rahisi: kilo moja ya unga kwa watu wanne.

Léa alizidisha. Maharagi ya watu kumi yaingie mara kumi na nane. Sombe ya watu kumi na wawili mara kumi na tano. Akamwonyesha Mama Mbombo: kilo ishirini na saba za maharagi, mafungu tisini ya sombe. Mama Mbombo akapiga makofi.

"Unataka kulisha Base ya Kamina, na maaskari na bibi zabo? Kwangu mutu anakula maharagi tu. Hapa iko maharagi, iko sombe, iko samaki. Tumbo ni moja!"

"Ndiyo," Léa akasema. "Nilikuwa nafika hapo. Maharagi na sombe tunakata nusu. Lakini samaki wa mama hatukati."

"Samaki ya mama, hapana. Kila mutu kipande yake."

"Na chumvi?"

"Chumvi hapana kuzidisha. Samaki iko na chumvi yake tayari. Nunua paketi tano, tutaonja, tutaongeza. Pilipili vilevile. Ukizidisha pilipili mara makumi mbili, utafukuza bakwe!"

Walicheka, hata Léa, mara ya kwanza tangu Isaïe azikwe. Baadaye angekumbuka kicheko hicho kwa uchungu.

Ikabaki sufuria ya Mama Ndaya. Kikongwe hakuwa na kilo wala gramu. Alikuwa na mikono. Léa akamwomba apike siku ile kama kawaida, lakini kabla ya kila kitu kuingia motoni, kipite kwenye mizani ya Mama Mbombo. Mama Ndaya aliona jambo hilo ni mchezo wa watu wa shule, akakubali kwa ajili ya mwanawe. Aliweka samaki wakavu kwenye mizani, akaongeza mmoja, akatoa mmoja mdogo, akaridhika. Gramu mia sita. Vitunguu vitatu. Tomati sita. Kopo moja la mafuta ya ngazi.

"Mama," Léa akauliza, kalamu mkononi, "sufuria hii ni ya watu wangapi?"

"Ya bantu ba nyumba yangu."

"Ni wangapi?"

"Kenda," kikongwe akajibu bila kusita, yaani tisa, kwa maneno ya wazee. Akaendelea kuosha samaki.

Léa akaandika tisa. Kulikuwa na mtu nyumbani ambaye hakujua kwamba Mama Ndaya huwagawia majirani? Masengo huchukua bakuli kwa kipofu wa nyumba ya tatu, Lise huja na wenzake. Tisa haikumshangaza. Mia na themanini kwa tisa ni ishirini. Gramu mia sita mara ishirini ni kilo kumi na mbili. Mama Mbombo aliangalia akasema samaki mkavu akilowa hufura, kwamba kilo kumi na mbili ni mali nyingi, na kwamba yeye ataleta walio wanene. Mambo yakaenda kama mto unaojua njia.

Jioni ile Léa aliunganisha karatasi zote ziwe moja, kwa sababu mwenye kwenda sokoni na karatasi nne hununua kitunguu mara mbili na kusahau chumvi. Vitunguu vilikuwa ndani ya sufuria tatu: thelathini na sita vya maharagi, ishirini na vitatu vya sombe, sitini vya samaki. Akaandika mara moja tu: vitunguu, mia na ishirini. Tomati za maharagi na za samaki, mia na sitini na tano. Mafuta ya ngazi makopo ishirini na saba na nusu, na kwa kuwa makopo manne ya Mama Mbombo ni lita, akaandika lita saba. Mafuta ya maji hakuyajumlisha na ya ngazi. Aliyapa mstari wake. Maharagi kilo kumi na nne. Sombe mafungu arobaini na tano. Unga ulitoka kilo arobaini na tano, akaandika magunia mawili ya ishirini na tano, kwa sababu hakuna anayeuza gunia lililokatwa. Samaki, kilo kumi na mbili. Ilikuwa karatasi nzuri. Mwalimu yeyote angeipa alama zote.

Siku ikafika. Misa ilikwisha asubuhi, Léa akavuliwa nguo nyeusi na shangazi za Isaïe, akavikwa kitenge kipya. Watu walijaa uani mpaka barabarani. Bukari ilikuwa laini, maharagi yalikuwa mengi, sombe ilinukia mpaka kambi nzima. Mama Ndaya aliketi kwenye kiti kidogo mbele ya sufuria zake kubwa, amevaa kitambaa cheupe, na mstari ukaanza kupita.

Desturi inataka wageni watangulie: watu wa reli, kwaya, majirani, upande wa mjane. Ukoo wenyewe hula mwisho, kwa sababu mwenye nyumba hali kabla ya mgeni. Kila aliyefika, kikongwe alimwangalia machoni, akatia kipande chenye mchuzi, akasema neno moja la shukrani kwa Kiluba. Hakuharakisha. Wengine walilia mbele yake. Mzee mmoja wa karakana, aliyefanya kazi na Isaïe, alishindwa hata kushika sahani.

Léa alikuwa karibu na unga aliposikia kijiko kikikwaruza chini. Ni sauti ndogo. Mwanamke yeyote aliyewahi kulisha watu anaijua, hata katikati ya nyimbo. Aligeuka. Sufuria ya mwisho ilikuwa imeinamishwa, Mama Ndaya anatafuta mchuzi pembeni, na mbele yake mstari bado ulikuwa mrefu. Ukoo wote wa Isaïe. Kitenge alikuwa wa tatu.

"Imeisha?" Kitenge akauliza.

Kikongwe aliangalia ndani ya sufuria, kisha akaangalia mikono yake, kama mtu aliyeangusha kitu njiani.

"Imeisha," akasema.

Mwanamke mmoja wa Kaniama akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kwa sauti ya kutosha: "Bale bengine njo bamekula mbele yetu." Na kila mtu uani pale alielewa ni wengine gani anaosema. Alisema wafu.

"Nilisema minyi," Kitenge akasema. Hakuwa na hasira, na hilo lilitisha zaidi. "Nilisema. Kilo kumi na mbili ya samaki, Madame mwenyewe alipima na mizani. Iko wapi? Mama mukubwa, vala viatu. Tunaenda leo."

"Ngoja," Léa akasema. "Kitenge, ngoja nimalize jikoni. Hata gari la moshi hungojwa."

Alimshika mama mkwe mkono, akampeleka nyuma ya jikoni, palipokuwa na makaa na maganda ya vitunguu. Alikuwa tayari ameshagawanya kichwani. Waliokula walikuwa kama mia moja. Kilo kumi na mbili kwa watu mia ni gramu mia na ishirini kila mtu. Na gramu mia sita za sufuria ya nyumbani, kwa mia na ishirini, ni watano. Si tisa. Watano.

"Mama," akasema polepole, "ile siku nilikuuliza sufuria ni ya watu wangapi. Ukasema kenda. Ni nani hao?"

Mama Ndaya alishangazwa na swali. Akaanza kuhesabu, akikunja kidole kimoja kimoja, kama alivyofundishwa na mama yake kando ya maji.

"Muzee André. Hénoch. Ngoy. Isaïe. Masengo. Weye. Béni, na Lise. Na minyi." Akaonyesha vidole. "Kenda. Si kenda?"

"Mama, lakini Mzee na Hénoch na…"

"Bamekufa, ninajua. Nilibazika minyi." Akamtazama mkwewe kwa huruma, kama anayemtazama mtoto mwenye akili nyingi na uelewa mdogo. "Léa, mama akiulizwa bantu ba nyumba yake, anatosha bale bamekufa? Weye unamutosha Isaïe?"

Mwaka mzima Léa alikuwa amemtoa. Aliandika nyumba ya watu watano kwa wale wa sensa ya parokia, alipunguza unga wa bukari, aliondoa kiti kimoja mezani ili kisizuie njia. Shuleni walimfundisha kutoa, na yeye akawafundisha wengine.

Akaelewa yote pale pale, kati ya makaa na maganda. Mikono ya kikongwe ilipika kwa walaji watano, kwa sababu mikono huona sahani. Mdomo wake ulihesabu tisa, kwa sababu mdomo bado unawataja waliozikwa. Naye, mwalimu, alichukua samaki wa mikono akawagawanya kwa watu wa mdomo. Alipaswa kuzidisha mara thelathini na sita. Alizidisha mara ishirini.

Yalikuwa maelezo safi kabisa. Angeweza kutoka nayo uani, akayaandika kwa mkaa kwenye ukuta, na kila karani wa reli angeitikia kwa kichwa. Lakini je, angesema nini? Kwamba mama huyu anapokaa karibu na sufuria, anawahesabu wafu wake kati ya wanaokula? Mbele ya Kitenge? Mbele ya yule mwanamke wa Kaniama? Ukweli ule ungekuwa ushahidi wao. Wangembeba pamoja na kiti chake.

Alisikia Kitenge anaita jina lake. Akapangusa mikono kwenye kitenge kipya, akatoka.

"Ndugu zangu," akasema, kwa sauti ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho. "Samaki hawakuliwa na mtu asiyeonekana. Hesabu ilikuwa yangu na nilikosea. Nilipozidisha sufuria ya mama, niliandika mara ishirini pale palipotakiwa thelathini na sita. Mliokosa, mmekosa kwa kalamu yangu."

Watu walitazamana. Mama Mbombo alifungua mdomo. Alikuwepo siku ile, aliona kalamu, alisikia *kenda*. Léa akamwangalia mara moja tu. Mama Mbombo akafunga mdomo, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ukamwona hacheki.

"Weye?" Kitenge akasema. "Madame? Weye uliyefundisha mahesabu batoto ba mji muzima?"

"Mimi."

"Unashindwa kugawanya samaki?"

"Leo nimeshindwa."

Mtu akacheka nyuma. Kisha mwingine. Mwanamke wa Kaniama akasema si kushindwa, ni uchoyo, kwamba wajane wa shule ndivyo walivyo, wanashibisha upande wao kwanza. Na hapo hapo, mbele ya macho ya Léa, hasira ya watu ikageuka kama upepo, ikamwacha kikongwe, ikamjia yeye. Ndoo ya samaki ilizaliwa saa ile. Hata walioizaa wanaweza kutajwa, lakini hatutawataja.

Kitenge alisimama akifikiri. Hakuwa mjinga. Alitazama kiti kidogo kilichobaki wazi mbele ya sufuria, akamtazama mjane, na huenda aliona kitu. Lakini mtu hawezi kumchukua mchawi pale ambapo mwizi amejitaja mwenyewe. Akatema mate pembeni.

"Tunaenda na kilio yetu mugongo," akasema. "Hapa hatutakula tena."

Wakaondoka. Pikipiki zikanguruma mpaka barabara ya Kaniama, vumbi jekundu likatua juu ya sahani. Bukari ilibaki nyingi, na maharagi, na sombe. Mama Mbombo aliyafunika.

Kikongwe alikuwa bado nyuma ya jikoni. Alikuwa amesikia.

"Minyi njo nilikosesha?" akauliza.

"Hapana, mama. Wewe ulihesabu vizuri."

Tangu siku hiyo parokia haikumwita tena Léa kupanga karamu za ubatizo. Wazazi wengine walitania mbele yake: wakinunua vitunguu, waliuliza kama ni mara ishirini au mara thelathini na sita. Yeye alinyoosha shingo akapita. Ndugu za mumewe hawakukanyaga tena nyumba ile, na watoto wa Isaïe wanakua bila kuwajua baba zao wadogo. Hiyo ndiyo sehemu inayouma; mzaha hauumi.

Lakini Mama Ndaya alibaki. Aliendelea kupika karibu na mlango, akiimba wimbo wa watu wa Mulongo usio na mwisho. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena. Mwisho alidhoofika, akaacha kushika kijiko, na asubuhi moja Masengo alipompelekea chai alimkuta amelala upande, mkono chini ya shavu. Kitenge hakuja mazishini. Alituma ujumbe kwamba ana ng'ombe mgonjwa.

Siku chache baada ya maziko, Léa alikwenda kwa Mama Mbombo kununua samaki. Wanawake wengine walikuwepo, wenye masikio. Mama Mbombo akaweka samaki kwenye mizani, akafikia gramu mia nne na kitu, akasimama. Alijua nyumba ile sasa ina watu wanne.

"Ongeza," Léa akasema.

Akaongeza mmoja. Akamtazama.

"Ongeza."

Aliongeza mpaka mizani ikapita mia sita na ikaendelea kupanda, mpaka ikafika elfu moja na themanini. Mama Mbombo hakuwa mtu wa shule, lakini mizani yake aliijua, akagawanya polepole, mia na ishirini kwa kila mdomo, akapata kenda, na macho yake yakajaa maji. Mwanamke mmoja nyuma, anayependa habari kuliko chumvi, akasogea mbele.

"Eh, Madame Léa! Samaki yote ile? Nyumbani kwako sasa muko bangapi?"

Léa alichukua kifurushi, akakifunga vizuri kwa magazeti, akakitia kikapuni.

"Hilo," akasema, "sitakujibu wewe wala mwingine. Nimemaliza."